Mizani ya rababendi: umejuaje kwamba hapo ni nyutoni moja?

Kuna sentensi moja nikiikuta kwenye ripoti ya mwalimu au ya mwanachuo wa ualimu naona kabisa kazi bado: "Zana hii imetengenezwa kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira, ni ya gharama nafuu na inawavutia wanafunzi." Sentensi yenyewe haina uongo. Shida ni kwamba unaweza kuitoa hapo ukaibandika kwenye ripoti ya modeli ya mapafu, ya chati ya jua na sayari, ya dira ya sindano, na kote huko itakaa vizuri tu, na maneno yanayokaa popote hayajatetea kitu chochote. Unafuu unaeleza kwa nini uliweza kuitengeneza. Haujaeleza kwa nini mwanafunzi aitumie, wala kwa nini aamini kile inachomwonyesha.

Nachukua zana moja tu twende nayo mpaka mwisho, mizani ya rababendi, ile raba ndogo ya duara ya kufungia makaratasi. Nimeichagua kwa sababu karibu kila anayefundisha kani na uzito anaifikiria, inatengenezeka haraka, halafu ni zana ambayo inaweza kudanganya darasa zima bila mtu kushtuka, kwa sababu mshale unashuka, namba zipo, kila mtu ameridhika.

Kuitengeneza siyo kazi kubwa. Unatafuta kipande cha mbao chembamba cha urefu kama sentimita 40, juu unapigilia msumari na unauacha uchomoze kama sentimita 2, unatundika rababendi kwenye msumari. Chini ya raba unaweka klipu ya karatasi uliyoikunjua ikawa kama herufi S, upande wa juu unashika raba, upande wa chini unakuwa ndoano, na katikati unafunga kijiti kidogo kilicholala kuelekea pembeni, hicho ndo mshale wako. Nyuma ya mshale, kwenye mbao, unabandika karatasi nyeupe tupu, narudia tupu, usichore kitu bado. Kisha unakata kitako cha chupa ya plastiki, unatoboa matundu matatu pembeni, unafunga nyuzi, unapata kikombe cha kutundika kwenye ndoano, na kikombe kinatakiwa kining'inie chini ya mbao kabisa, kisigusane nayo.

Hapo kuna kitu kidogo kinachoharibu vipimo vingi sana, mshale kusugua karatasi. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati yao. Kujua kama unasugua ni rahisi: weka mzigo, subiri mshale utulie, kisha gonga mbao taratibu kwa kidole, ukiona mshale umeruka ukaenda kukaa sehemu nyingine basi ulikuwa umeshikwa na msuguano, pinda ndoano kidogo uuweke mbali na karatasi uanze tena.

Sasa tunafika kwenye swali ambalo mkaguzi mzuri atakuuliza, na atakuuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, hii alama ya nyutoni moja, umejuaje kwamba ni nyutoni moja?" Wengi wanakwama hapo hapo. Jibu la "nilipima kwa rula" siyo jibu, rula inapima urefu, haipimi kani.

Jibu zuri linatoka kwenye maji. Mililita 1 ya maji ina tungamo la gramu 1, na hata maji yakiwa ya uvuguvugu wa nyuzi 30 tofauti haifiki nusu ya asilimia, kwa hiyo kwa kazi yetu usihangaike nayo. Dunia inavuta kila kilo kwa nyutoni 9.8, ukigawa unapata kwamba nyutoni 1 ni uzito wa gramu 102, yaani mililita 102 za maji. Ukiwa na sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano, unajaza mara 10 na kuongeza mililita 2, umeshapata nyutoni 1 ambayo unaweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Nusu nyutoni ni mililita 51, nyutoni moja na nusu ni 153, nyutoni 2 ni 204. Hiki kipande cha maji kinatakiwa kiwemo kwenye ripoti, maana ndicho kinachoigeuza raba kutoka kuwa kitu kinachovutika na kuwa kipimo.

Halafu inakuja hatua ambayo naiona ndo roho ya zana nzima. Watu wengi wanaweka kikombe kitupu wanachora sifuri, wanaweka maji ya nyutoni 2 wanachora alama ya mwisho, kisha wanashika rula wanagawa ile nafasi ya katikati sehemu sawa sawa, inapendeza sana kwa macho, mistari imepangika kama ya kiwandani. Kwa springi ya chuma iliyotengenezwa vizuri hiyo inakubalika. Kwa raba haikubaliki, kwa sababu raba haivutiki kwa kiwango kilekile kila unapoongeza kani. Mwanzo huwa ngumu, katikati inalegea, na ukiivuta sana inakaza tena.

Tuweke namba ili tuone ukubwa wa kosa. Hizi ni za mfano tu wa raba nyembamba, yako itakupa zake. Tuseme kuanzia sifuri, nusu nyutoni inashusha mshale milimita 6, nyutoni 1 inashusha milimita 14, moja na nusu milimita 25, na nyutoni 2 milimita 38. Aliyegawa kwa rula amegawa 38 kwa 2, kwa hiyo alama yake ya nyutoni 1 ipo kwenye milimita 19. Mwanafunzi akitundika kitu chenye uzito wa nyutoni 1 kamili, mshale unasimama kwenye 14, na kwenye skeli hiyo ya rula 14 inasomeka kama nyutoni 0.74. Kosa la asilimia 26! Darasa zima litaandika 0.74 kwenye madaftari, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mistari iliyopendeza.

Dawa yake ni kutundika kila mzigo mmoja mmoja na kuchora alama pale pale mshale unaposimama: 0.5, 1, 1.5, 2. Alama zitatoka na nafasi zisizolingana, za juu zimebanana za chini zimeachana, na mwalimu asione aibu, ziache hivyo hivyo. Ukitaka alama za katikati zaidi, ongeza mizigo ya katikati, kwa mfano kila mililita 25 na nusu kwa robo nyutoni, usikisie kwa macho.

Raba ina tabia nyingine mbili ambazo lazima mtengenezaji azijue. Ya kwanza, raba mpya inayovutwa kwa mara ya kwanza haifanani na raba ileile ikishavutwa mara kadhaa, mwanzo huwa ngumu kisha inazoea. Ndo maana kabla ya kuchora alama yoyote unaivuta na kuiachia mara nyingi nyingi, mpaka unaona mshale unarudia sehemu zilezile. Na ukitundika mzigo mshale hausimami papo hapo, unaendelea kushuka pole pole, kwa hiyo chagua muda wa kusubiri, tuseme sekunde 30, uutumie wakati wa kuchora alama na uutumie huohuo wakati wa kupima. Mtu aliyechora baada ya sekunde 5 kisha anasoma baada ya dakika mbili amejitengenezea kosa mwenyewe.

Ya pili ni kubwa zaidi. Raba haipiti njia moja kwenda na kurudi. Kwenye mfano wetu, ukiongeza maji mpaka nyutoni 2 kisha ukaanza kuyapunguza, ukirudi kwenye nyutoni 1 mshale hausimami tena kwenye 14, unasimama tuseme kwenye 16. Kwenye skeli yetu 16 inasomeka kama nyutoni 1.09. Mzigo ni uleule, raba ni ileile, namba imeongezeka asilimia 9 kwa sababu tu ya upande uliotokea. Springi ya chuma isiyozidiwa haina tabia hii kwa kiwango cha kuonekana darasani. Kwa raba kanuni inakuwa moja: alama zote zichorwe mzigo ukiongezeka, na vipimo vyote visomwe mzigo ukiongezeka.

Inaonekana kama jambo dogo la ufundi lakini subiri tuingie kwenye somo lenyewe. Mwalimu anataka kuonyesha kwamba kitu kikizamishwa kwenye maji kinaonekana kupungua uzito. Anachukua jiwe lenye uzito wa nyutoni 2, analitundika, mshale 2, safi, kisha analeta chombo cha maji kutoka chini mpaka jiwe linazama. Jiwe la kawaida la tungamo hilo lina ujazo wa kama mililita 78, maji linayoyasukuma yana uzito wa karibu nyutoni 0.77, kwa hiyo mizani ingetakiwa isome kama 1.23. Lakini hapo raba ilikuwa imevutika mpaka 2 na sasa inarudi, ipo kwenye njia ya kurudi, kwa hiyo itasoma juu ya hapo, labda 1.3 na kitu. Tofauti anayoipata mwanafunzi ni ndogo kuliko ile ya kweli, na akiilinganisha na uzito wa maji yaliyomwagika namba zinagoma, na wengi hapo wanasema "makosa ya vifaa vya kufaragua" yakaisha. Wala siyo kifaa, ni utaratibu! Fanya hivi: jiwe likiwa ndani ya maji tayari, umelishikilia kwa mkono raba ikiwa imelegea, liachie taratibu mpaka lining'inie, subiri sekunde zako 30, soma. Baadaye ndo uondoe maji usome uzito wa hewani. Ukianza na kipimo kidogo ukamalizia na kikubwa, raba muda wote inavutika kuelekea chini, na vipimo vyote viwili vipo kwenye njia moja na alama zako.

Nimekaa sana hapo makusudi, kwa sababu naamini ndo tofauti ya mtu aliyeitengeneza zana na mtu aliyeielewa. Na ni kitu cha kuandika kwenye ripoti mstari kwa mstari, maana mwalimu mwingine akiazima hiyo mizani bila maelezo hayo ataitumia kinyume.

Sifuri nayo ina mtego wake. Kama ulichora sifuri kikombe kitupu kikiwa kimening'inia, basi sifuri hiyo ni ya kupima vitu vilivyomo ndani ya kikombe. Ukitoa kikombe ukatundika jiwe moja kwa moja kwenye ndoano, mizani itasoma pungufu kwa uzito wa kikombe. Ukiilaza mizani mezani ili uvute kitabu upime msuguano, hali inabadilika kabisa, hata ndoano yenyewe haiivuti tena raba, mshale unapanda juu ya sifuri yako na kila kipimo kinapungua. Kwa somo la msuguano mimi ningeshauri ubandike karatasi ya pili yenye alama zake, na kuzipata unapitisha uzi juu ya kitu laini cha mviringo kwenye ukingo wa meza, maji yananing'inia pembeni ya meza na raba imelala, japo hapo msuguano wa uzi unakuibia kidogo na inabidi uuseme kwenye ripoti.

Sasa twende kwenye kutetea. Swali ninalotaka ripoti ilijibu siyo kama zana ni nzuri. Ni kama zana hii inafaa kwa lengo hili la somo hili, na jibu linaweza kubadilika zana ikiwa ileile. Lengo likiwa mwanafunzi aweze kupima uzito wa vitu kwa nyutoni na kutofautisha uzito na tungamo, mizani ya rababendi inatetewa vizuri sana, maana mwanafunzi ameona kwa macho yake kwamba alama ya nyutoni 1 imetoka kwenye gramu 102 zinazovutwa na dunia, jambo ambalo mizani ya dukani haimwonyeshi, inampa tu namba iliyokwisha kuchapishwa. Hapa zana ya kufaragua inazidi ile ya kununua na mwalimu aseme hivyo wazi bila kunyenyekea.

Lakini lengo likiwa kanuni ya Hooke, ile ambayo Robert Hooke aliitangaza mwaka 1678, kwamba urefu unaoongezeka unalingana na kani inayovuta, zana hiihii haifai. Ukichora grafu ya namba zetu, 6, 14, 25, 38, hupati mstari mnyoofu, unapata mkunjo, na mwalimu anayelazimisha rula ipite katikati ya zile nukta anamfundisha mwanafunzi kupuuza anachokiona. Nimeona ripoti zinazotetea raba kwa somo la Hooke kwa sababu tu "springi hazikupatikana". Kama hazikupatikana, tengeneza. Chukua uzi mmoja wa chuma kutoka kwenye waya chakavu wa breki ya baiskeli, ule waya umesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za chuma kigumu, uzungushe kwenye kitu cha mviringo chembamba kama penseli, mizunguko 20 hivi iliyobanana, uuachie. Utalegea upana kuliko penseli, ni kawaida. Usitumie waya wa shaba wala waya laini wa kufungia nondo, hizo ukizivuta zinabaki zilivyovutwa. Kipimo cha kujua ni kilekile: tundika mzigo mkubwa utakaoutumia, utoe, mshale ukirudi sifuri ipo sawa, usiporudi umezidisha mzigo au waya haufai.

Ukiona springi yako ni laini mno au ngumu mno usianze kubahatisha. Unene wa waya ndo wenye nguvu kuliko vyote: waya wenye unene mara mbili unaifanya springi kuwa ngumu mara 16, wakati kuongeza upana wa mzunguko mara mbili kunailegeza mara 8. Idadi ya mizunguko inaenda moja kwa moja, mizunguko mara mbili springi inalegea mara mbili. Kwa hiyo penseli ikikupa springi inayovutika sana kwa mzigo mdogo, tafuta kitu chembamba zaidi cha kuzungushia kabla ya kwenda kutafuta waya mwingine.

Na raba isitupwe hapo, iweke pembeni ya springi kwenye somo la Hooke, darasa lichore grafu mbili kwenye karatasi moja, moja mnyoofu na nyingine imekunjika. Hapo raba imepata kazi inayoiweza, kuonyesha kwamba kanuni ina vitu inavyovihusu na vitu isivyovihusu.

Kuhusu gharama nasema kwa kifupi. Ripoti nyingi zinaandika "nafuu" zikiwa zimehesabu vitu vilivyonunuliwa tu. Hesabu saa za kutengeneza na kuchora alama, hesabu idadi ya mizani kwa darasa, hesabu na umri wake. Raba inazeeka, jua na hewa vinaipasua nyufa ndogo ndogo, na ikibadilishwa alama zote za zamani zinakufa nayo, inabidi maji yarudi upya. Mizani ya springi ya kiwandani ikitunzwa inakaa miaka. Kwa hiyo kama unalinganisha, linganisha kwa kila kundi la wanafunzi kwa mwaka mzima, na kama mwisho wake inaonekana kununua moja ni bora kuliko kutengeneza nane kila muhula, andika hivyo. Ripoti inayokubali hilo ndo ninayoiamini kwenye mengine inayosema. Na unafuu wa kweli wa zana hii mara nyingi ni kwamba kila kundi linapata yake, badala ya darasa zima kuitazama moja mikononi mwa mwalimu.

Hapo najua kuna mwalimu atasema, "Jamani, darasa langu lina wanafunzi wengi, nitapata wapi muda wa kuchora alama za mizani nane, kila moja na maji yake?" Hoja ni ya haki kabisa. Jibu langu ni kwamba usizichore wewe. Tengeneza mbao na ndoano, peleka darasani karatasi zikiwa tupu, makundi yachore alama yenyewe, hiyo ndo sehemu ya somo yenye faida kuliko zote. Kitakachokula muda ni sirinji, kwa hiyo andaa mapema chupa ndogo zilizowekwa alama kwenye mililita 51, na kila kundi lipate yake, linajaza linamimina, linasubiri, linachora. Kinachopungua ni kwamba utapoteza kipindi kimoja kizima, na hilo nalo liandikwe kwenye ripoti pamoja na kile kilichoachwa.

Usalama pia usiachwe uwe mstari wa mazoea. Hatari ya zana hii inajulikana, raba inakatika na klipu inaruka kuelekea usoni, kwa sababu anayesoma vizuri anaweka jicho usawa wa mshale. Weka mwisho wa mzigo, nyutoni 2, uandike kwenye mbao, kagua raba kwa nyufa kabla ya kipindi, usitumie vipande vya chupa ya kioo kwa kikombe, na kama miwani ya kukinga macho haipo, msomaji akae hatua moja nyuma huku jicho likiwa usawa uleule.

Kilichobaki ni ushahidi, na huu nauona ndo unaokosekana zaidi. Ripoti inasema "wanafunzi walifurahia", sawa, lakini mizani ilipima sawasawa? Kuna jaribio fupi. Bila wanafunzi kuona, weka mililita 120 za maji kwenye mfuko mwepesi sana wa plastiki usioonyesha ndani, ufunge. Uzito wake unaujua, ni kama nyutoni 1.18, uzito wa mfuko wenyewe ni mdogo wa kupuuzwa. Makundi yote yaupime kila moja kwa mizani yake, yaandike kwenye karatasi bila kuonyeshana, kisha uziweke ubaoni. Tuseme zimetoka 1.1, 1.2, 1.2, 1.25, 1.1, 1.3, 1.2 na 0.9. Sita zipo ndani ya 0.1 ya jibu, moja imezidi kidogo kwa 0.12, na ile ya 0.9 ina tatizo, nenda kaigonge uangalie mshale, au uliza walitundika kwenye kikombe au kwenye ndoano. Sasa una haki ya kuandika kwamba zana inapima kwa usahihi wa karibu nyutoni 0.1, na hapo hapo umejua mipaka yake: jiwe la nyutoni 2 linalopungua 0.77 majini linaonekana wazi, ila kokoto la nusu nyutoni linapungua kama 0.19 tu, karibu linamezwa na kosa la mizani, kwa hiyo chagua jiwe kubwa. Uchaguzi wa jiwe umetoka kwenye namba zako.

Ukiwa na hayo yote, aya ya utetezi inajiandika, na haiwi ndefu. Mimi ningeiandika hivi: "Mizani ya rababendi imetumika kwa lengo la kupima uzito kwa nyutoni, kuanzia 0 hadi 2. Alama zimechorwa na wanafunzi kwa maji, mililita 102 kwa kila nyutoni, mzigo ukiongezeka, baada ya kusubiri sekunde 30. Mfuko uliofichwa wa nyutoni 1.18 ulipimwa na makundi manane, sita yalipata ndani ya 0.1, moja lilizidi kwa 0.12, na moja lilikosea kwa sababu mshale ulisugua karatasi. Zana haifai kwa kanuni ya Hooke kwa kuwa urefu wa raba hauongezeki sawia na kani, na haifai kusomwa mzigo ukipungua. Raba ibadilishwe ikionyesha nyufa, na alama zichorwe upya kila raba inapobadilishwa. Kipindi kimoja kilitumika kuchora alama." Ukijaribu kuibandika aya hiyo kwenye ripoti ya modeli ya mapafu haitakaa.

Karatasi ya alama za kwanza usiitupe ukibadilisha raba. Ibanduke, andika tarehe nyuma, iweke kwenye faili pamoja na ripoti, na karatasi mpya ikishachorwa ziweke mbili sambamba. Kama nyutoni 1 imehama milimita 2 au 3, ni raba mpya tu ina unene wake. Kama imehama sana, kabla hujailaumu raba rudi kwanza kwenye sirinji uhakikishe ni mililita 102 kweli.